Opsheni: Arbuni Isiyorudi

Tuseme umekiona kiwanja Kigamboni. Mwenyewe anataka shilingi milioni 20, nawe kwa leo huna. Ila kuna fununu kwamba barabara ya lami itapita jirani, na ikipita kweli, hakuna atakayekuuzia tena kwa milioni 20. Unamwendea mwenye kiwanja, unamwambia: "Nishikie kwa siku sitini, kwa bei hiyohiyo. Nakupa laki tano sasa hivi, na laki tano hiyo ni yako, nirudi nisirudi." Mzee anakubali. Mnaandikishana mbele ya mjumbe, unaondoka na karatasi mfukoni.

Umenunua nini? Kiwanja bado ni cha mzee, na ukuni ukitaka kuokotwa pale ataokota yeye. Ulichonunua ni siku sitini za kuamua, na yeye amekuuzia ahadi ya kutobadilisha bei kwa siku hizo.

Siku ya arobaini lami inakuja, viwanja vya eneo lile vinafika milioni 26. Karatasi yako inakuruhusu kununua kwa 20 kitu cha 26. Na kama huna milioni 20 za kulipa, yuko mtu atakayeinunua karatasi yenyewe kwa zaidi ya milioni tano. Laki tano imezaa mara kumi. Au lami inapita upande wa pili wa mtaa na viwanja vinashuka hadi milioni 17. Hapo hurudi kwa mzee, kwa sababu hakuna mwenye akili anayetoa 20 kwa kitu cha 17. Karatasi unaitupa, na laki tano imekwenda yote.

Kuna matokeo ya tatu, na hayo ndiyo yanayowaponza wengi. Viwanja vinapanda kidogo, hadi milioni 20 na laki mbili. Ulibashiri vizuri: bei imepanda. Haki yako ina thamani ya laki mbili, ila uliinunua kwa laki tano. Umepatia ubashiri na umepata hasara ya laki tatu.

Karatasi ile, ikiwa imeandikwa juu ya hisa, dhahabu, mafuta au kahawa badala ya kiwanja, ndiyo inayoitwa opsheni. Haki ya kununua kwa bei iliyofungwa huitwa koli. Haki ya kuuza kwa bei iliyofungwa huitwa puti. Ile laki tano ni premiamu, neno lilelile linalotumika kwenye bima, na si kwa bahati. Milioni 20 ni bei ya mkataba, na siku ya sitini ni siku ya ukomo. Hayo ndiyo maneno yote tutakayoyahitaji humu.

Msomaji wa pwani atasema: hii si arbuni tu? Inakaribiana nayo sana, lakini kuna tofauti ya kushika. Arbuni, ununuzi ukitimia, huhesabiwa ndani ya bei, hivyo ukishatoa laki tano unabakiza milioni 19 na nusu. Premiamu haihesabiwi. Ukilipa laki tano kwa haki ya kununua kwa 20, siku ya kununua unatoa 20 kamili, na ile laki tano hairudi katika hali yoyote, hata ukishinda. Wanazuoni nao waliutazama mpaka huu. Baraza la kimataifa la fiqhi lenye makao Jeddah liliamua mwaka 1992 kwamba mikataba ya opsheni inayouzwa masokoni haijuzu, kwa kuwa kinachouzwa ni haki tupu, si mali wala manufaa. Mwaka uliofuata baraza hilohilo likaruhusu arbuni, kwa sharti iwe na muda maalumu. Muislamu anayetaka kuingia huko aanze kwa kumuuliza shehe wake kabla ya kumuuliza dalali.

Makaratasi ya namna hii yana karne nyingi, lakini kwa muda mrefu yalikuwa mapatano ya watu wawili, na ukitaka kuuza yako unahangaika kumtafuta mnunuzi. Tarehe 26 Aprili 1973 lilifunguliwa soko huko Chicago ambako opsheni zote ziliandikwa kwa mfano mmoja: mkataba mmoja ni hisa 100, na bei na tarehe zimepangwa tangu mwanzo. Siku hiyo zilikuwapo koli tu, juu ya hisa za kampuni 16, na mikataba iliyouzwa haikufika elfu moja. Puti zilingoja hadi 1977. Faida kubwa ya mpango huo ni kwamba karatasi ya mtu ikawa sawa na ya mwingine, kwa hiyo unaweza kuiuza wakati wowote kabla ya ukomo bila kumjua anayeinunua. Wengi wanaofanya biashara ya opsheni leo hawafiki hata siku ya kununua au kuuza hisa zenyewe. Wanauziana karatasi.

Sasa tuende Kilimanjaro, maana puti hueleweka zaidi kwa kahawa kuliko kwa hisa.

Chama cha ushirika hupokea kahawa ya mkulima na kumpa malipo ya kwanza palepale, au baada ya siku chache. Chama chenyewe huuza baadaye, mnadani au kwa mnunuzi wa nje, baada ya kukoboa, kupanga madaraja na kusafirisha. Kati ya siku ya kulipa na siku ya kuuza hupita wiki kadhaa, pengine miezi. Muda huo wote bei ya arabika inatikisika New York, na mnada wa huku unaifuata. Bei ikianguka, mkulima ameshalipwa, benki iliyokopesha inadai, na chama kimebaki na magunia ambayo hayafikii gharama yake. Mwishoni mwa 2001 arabika ilishuka New York chini ya senti 50 za dola kwa ratili moja, na vyama vingi duniani viliumia kwa njia hiyohiyo.

Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 2000 Benki ya Dunia ilisaidia vyama vya wakulima katika nchi kadhaa kujaribu kununua puti, na kwa Tanzania vilikuwamo KNCU cha Kilimanjaro na KCU cha Kagera. Sina haja ya hesabu zao halisi. Nitapanga za mfano, kwa vipimo vya kweli vya soko la New York.

Mkataba mmoja wa arabika huko ni ratili 37,500, yaani tani 17 hivi, au magunia 283 ya kilo 60. Chama kimenunua kwa wakulima wakati bei ya New York ni senti 120 kwa ratili. Kinanunua puti yenye bei ya mkataba ya senti 115, ukomo miezi mitatu, na premiamu ni senti 5 kwa ratili. Zidisha senti 5 kwa ratili 37,500, unapata dola 1,875. Hizo zinalipwa leo, taslimu.

Miezi mitatu baadaye bei imeporomoka hadi senti 90. Puti inakipa chama haki ya kuuza kwa 115 kilicho sokoni kwa 90, kwa hiyo ina thamani ya senti 25 kwa ratili, dola 9,375 kwa mkataba. Ukitoa premiamu, zinabaki 7,500. Kahawa yenyewe imepoteza senti 30, puti imerudisha 20 baada ya gharama. Chama kimejikwaa badala ya kuvunjika mguu.

Bei ikipanda hadi 150 je? Haki ya kuuza kwa 115 haina kazi, nani auze 115 wakati soko linatoa 150? Puti inafika ukomo ikiwa sifuri, na dola 1,875 zimepotea zote. Lakini magunia yaliyo ghalani yamepanda senti 30 kwa ratili. Aliyepoteza premiamu kwa namna hii hana la kulilia, kama vile mwenye duka aliyelipa bima ya moto na mwaka ukaisha bila moto.

Angalia pia bei ikishuka kidogo, hadi 113. Bei imeanguka kweli, kama chama kilivyohofia. Puti ina thamani ya senti 2, sawa na dola 750, nayo ilinunuliwa kwa 1,875. Ni kile kiwanja cha milioni 20 na laki mbili tena. Ili puti hii iliyogharimu senti 5 irudishe gharama yake, bei lazima ifike 110. Chini ya hapo ndipo inapoanza kulipa.

Wanaoijua biashara hii watakuambia kwamba hesabu ndiyo sehemu nyepesi. Puti inakinga bei ya New York tu. Kahawa ya chama ikishushwa daraja, au wanunuzi mnadani wakitoa pungufu kwa sababu za huku, puti haina habari. Chama chenye tani kumi kinalazimika kununua kinga ya tani 17 au kukaa bila kinga. Premiamu inadaiwa mwanzoni mwa msimu, wakati ambao kila shilingi inatafutwa ya kuwalipa wakulima. Na kuna mkutano mkuu. Misimu miwili ikipita na bei nzuri, mwanachama atasimama nyuma ya ukumbi aulize hizi dola zilizokwenda Marekani zilinunua nini, mbona hakuna kilichorudi. Meneja anayeweza kujibu swali hilo kwa utulivu ni wa kumshikilia.

Serikali ya Meksiko imelijibu kwa miaka mingi. Hununua puti kukinga mapato ya mafuta yake. Kwa ajili ya mwaka 2009 ililipa premiamu ya takriban dola bilioni 1.5 kwa haki ya kuuza kwa dola 70 pipa. Bei ikaanguka, ikalipwa zaidi ya bilioni 5. Miaka mingine imelipa premiamu kubwa isirudishiwe hata senti, na mwaka uliofuata imenunua tena.

Mwenye kahawa au mafuta ana kitu mkononi, na puti ni mwavuli wake. Mambo hubadilika mtu anaponunua opsheni akiwa hana chochote cha kukinga, ila ubashiri wake tu. Hapo nitamtaja mpwa wangu, dereva wa lori huko Marekani, ambaye usiku mmoja alinitumia picha ya skrini ya simu yake na ujumbe: "Mjomba, hisa imepanda, hela zangu zinapungua. Huu si wizi?"

Haukuwa wizi. Ilimchukua jioni mbili kunielewa, nami nilihitaji moja ya kuelewa alichokuwa amefanya.

Kampuni moja ilikuwa karibu kutangaza matokeo ya robo mwaka, na hisa yake ilikuwa dola 100. Mpwa wangu aliamini matokeo yatakuwa mazuri. Alikuwa na dola 2,000. Kwa pesa hizo angepata hisa 20. Akaona afadhali koli: haki ya kununua kwa dola 105, ukomo wiki mbili, premiamu dola 4 kwa hisa. Kwa kuwa mkataba mmoja ni hisa 100, kila mmoja uligharimu dola 400. Akanunua mitano, pesa zikaisha. Sasa alikuwa anagusa mwendo wa hisa 500 badala ya 20, na hiyo ndiyo sukari ya opsheni. Hisa ikifika 120, haki ya kununua kwa 105 ina thamani ya dola 15, na 2,000 zinakuwa 7,500. Mwenye hisa 20 angepata faida ya 400 tu.

Matokeo yakatoka, mazuri. Hisa ikaruka hadi 104. Mpwa wangu akafungua simu kuona utajiri wake, akakuta koli iliyonunuliwa kwa dola 4 inauzwa kwa dola 1 na senti 80. Ndipo ukaja ule ujumbe wa wizi.

Premiamu ni vitu viwili vilivyofungwa katika kifurushi kimoja. Cha kwanza ni thamani iliyopo: ukiitumia haki yako leo hii, unapata nini? Hisa ikiwa 100, haki ya kununua kwa 105 haikupi kitu. Sifuri. Kwa hiyo dola 4 zote alizolipa zilikuwa za kitu cha pili, ambacho mimi hukiita thamani ya matumaini: uwezekano kwamba kabla ya ukomo hisa itavuka 105 na kwenda mbali. Matumaini hayo yana bei kubwa muda ukiwa mwingi, na yana bei kubwa zaidi soko likitarajia mtikisiko. Siku za kungoja matokeo kila mtu anajua kwamba hisa itaruka au itaanguka, hakuna ajuaye ni kipi, na wauzaji wa opsheni hawajalala. Wanapandisha premiamu. Matokeo yakishatoka, fumbo limefumbuliwa. Mtikisiko unaotarajiwa unapungua, na premiamu inapungua saa hiyohiyo. Mpwa wangu alinunua mwavuli mawingu yakiwa yametanda, akataka kuuuza jua likiwaka.

Nilimwambia auze. Mikataba mitano kwa dola 1.80 ingempa dola 900, hasara ya 1,100, lakini 900 ni pesa. Akasema hisa inapanda, imebaki dola moja tu kuivuka 105, wiki nzima iko mbele. Hapo ndipo muda ulipomla.

Watu hudhani muda wa opsheni hupungua sawasawa, kama kodi ya nyumba, kila siku kiasi kilekile. Sivyo. Chukua koli ya wiki nne yenye premiamu ya dola 4, bei ya hisa ikiwa imesimama palepale kwenye bei ya mkataba, isisogee, na mtikisiko unaotarajiwa usibadilike. Ikibaki wiki moja, yaani robo ya muda, premiamu itakuwa karibu dola 2. Wiki tatu za mwanzo zimekula nusu, na wiki moja ya mwisho itakula nusu iliyobaki. Mwanzoni hupungua kidogokidogo, mwishoni humong'onyoka mbele ya macho yako, siku hadi siku, kisha saa hadi saa. Anayenunua opsheni ya siku chache kwa sababu ni rahisi ananunua barafu mchana.

Ijumaa ya ukomo hisa ilifunga dola 104 na senti 60. Haki ya kununua kwa 105 kitu kinachouzwa 104.60 haina thamani. Dola 2,000 zikawa sifuri. Hisa ilikuwa imepanda kwa karibu asilimia 5 ndani ya wiki mbili, na mwenye hisa 20 angekuwa amepata faida ya dola 92 huku hisa zake bado ziko mkononi.

Kwa koli ile, mpwa wangu hakutakiwa tu kupatia kwamba bei itapanda. Alitakiwa apatie pia kwamba itapanda zaidi ya dola 109, ambazo ni bei ya mkataba na premiamu juu yake, na kwamba itafanya hivyo kabla ya Ijumaa ile. Mwenye hisa anahitaji kupatia jambo moja, na akikosea anaweza kungoja hata miaka. Mwenye opsheni anahitaji yote matatu kwa pamoja. Katika hali nyingi analipishwa kwa kukosea lolote kati ya hayo.

Kisa kinachoonyesha hili kwa ukubwa ni cha kampuni ya GameStop, inayouza michezo ya kompyuta huko Marekani. Januari 2021 hisa yake ilianza mwezi chini ya dola 20, na tarehe 27 ilifunga karibu 347. Siku iliyofuata iligusa 483 kisha ikaanguka. Katika msisimko ule soko lilikuwa na koli zenye bei ya mkataba ya dola 800, nazo zilinunuliwa. Hisa haikufika 800 siku ile wala siku nyingine yoyote ya maisha ya mikataba hiyo. Tarehe 2 Februari ilifunga dola 90. Kila koli ya 800 iliyoshikiliwa hadi ukomo ilikufa ikiwa sifuri, hata ile iliyonunuliwa hisa ikiwa inapaa. Waliopata faida ni wale walioziuza mapema kwa mtu mwenye matumaini makubwa kuliko yao.

Dola za mpwa wangu zilikwenda wapi, basi? Zilikwenda kwa muuzaji wa opsheni, ambaye mara nyingi ni kampuni kubwa ya biashara inayouza na kununua maelfu kwa siku na kujikinga kwa kushika hisa zenyewe. Muuzaji ndiye mzee wa Kigamboni. Hana haki ya kuchagua, ana wajibu, na premiamu ni ujira wake wa kubeba wajibu huo. Usimwonee wivu haraka. Aliyeuza koli ya GameStop ya dola 20 mwanzoni mwa mwezi ule bila kuwa na hisa, akaijia siku ya 347, alidaiwa tofauti ya dola 327 kwa kila hisa, dola 32,700 kwa mkataba mmoja, kwa premiamu ndogo aliyokuwa ameipokea. Hasara ya mnunuzi ina dari. Ya muuzaji wa koli asiye na hisa haina.

Dari hiyo ndiyo wanayoiuza wapiga debe wa opsheni: "Huwezi kupoteza zaidi ya ulicholipa." Ni kweli, na kwa hilo opsheni ina tofauti njema na mikataba ya bei ya baadaye, kama ile iliyoanzishwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi Julai 2019 kwa jina la NEXT, ambako bei ikikugeuka unadaiwa kuongeza pesa. Lakini sikiliza sentensi yenyewe. Ulicholipa ndicho chote ulichoweka. Hisa ikishuka asilimia 10, mwenye dola 2,000 anabaki na 1,800. Hisa ikishuka asilimia 10, au ikisimama tu palepale, mwenye koli ya karibu na ukomo anaweza kubaki bila kitu. Kupoteza asilimia 100 ni matokeo ya kawaida kabisa ya opsheni, na halihitaji kampuni ifilisike.

Kuna jambo moja la kutenganisha na haya yote, kwa sababu linatembea kwenye makundi ya simu hapa kwetu likitumia jina hilohilo. Ni zile zinazoitwa opsheni za ndiyo au hapana. Unabashiri kama dhahabu au dola itakuwa juu au chini baada ya dakika tano. Ukipatia unapewa, tuseme, 80 juu ya kila 100 uliyoweka, ukikosa inakwenda 100 yote. Piga hesabu ya kubashiri mara kumi na kupatia tano: umepata 400, umepoteza 500. Huna haki ya kununua wala kuuza kitu, mara nyingi huna soko la kumuuzia mwingine, na anayelipwa ukikosa mara nyingi ni mwenye programu mwenyewe. Mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilipiga marufuku kuwauzia wateja wa kawaida kuanzia Julai 2018. Mimi huiita kamari, na sioni sababu ya kuipa jina zuri zaidi.

Opsheni ya kweli unaitambua kwa urahisi. Kwenye skrini utakuta jina la hisa, tarehe ya ukomo, bei ya mkataba, na herufi C kwa koli au P kwa puti, na pembeni bei ambayo watu wengine wanainunua na kuiuza saa hiyo. Kabla ya kubonyeza, chukua kalamu. Kama ni koli, jumlisha bei ya mkataba na premiamu. Kama ni puti, toa premiamu kwenye bei ya mkataba. Ujiulize kama kweli unaamini bei itapita hapo, kisha uiangalie tarehe na ujiulize tena.

Kwa mpwa wangu namba hiyo ilikuwa 109. Hisa ile iliifikia, na kuivuka. Ilichukua wiki tisa, na koli zake zilikuwa zimekufa tangu wiki ya pili.